Mlima wa Kuznets: je, mali ya nchi ikiongezeka, matajiri na maskini watakaribiana wenyewe?

Katika insha za uchumi zinazoandikwa na wanafunzi wetu kuna neno moja linalorudi mara nyingi. Wanasema: nchi maskini ikianza kuendelea, kwanza matajiri na maskini hutengana; lakini mali ikizidi kuongezeka, mwishoni wanakaribiana tena. Ukilichora neno hilo katika karatasi, mapato ya nchi yakiwa chini na kutolingana kwa watu kukiwa upande wa kusimama, utapata mstari unaopanda, unaofika kilele, kisha unashuka. Unafanana na mlima. Kwa sababu mwalimu aliyelitoa neno hilo aliitwa Simon Kuznets, tutauita hapa mlima wa Kuznets.

Jambo hili si mchezo wa wanafunzi tu. Mtu wa Minembwe anashuka kwa miguu mpaka Baraka kuuza mali yake. Huko anasikia habari za wale waliopata zahabu Misisi, waliojenga nyumba za mabati na kununua pikipiki, na yeye amebaki na shamba lake la maharagwe. Anamwuliza padri au katekista wake: hali hii itanyoka? Kama mlima wa Kuznets ni kanuni ya kweli, tunaweza kumjibu: ngoja, sasa tunapanda, kesho tutashuka. Lakini kama si kanuni, neno la kumwambia angoje ni neno la kumdanganya. Tena mkubwa wa serikali anayeamini kwamba mlima unashuka wenyewe hataona sababu ya kusumbuka na kodi, na barabara, wala na mashamba ya watu. Basi inafaa tulipime neno hili kwa hesabu za nchi, tuone limesimama juu ya nini.

I. Kuznets mwenyewe alisema nini?

Simon Kuznets alizaliwa mwaka 1901 katika mji wa Pinsk, uliokuwa wakati ule chini ya dola ya Urusi. Alihamia Amerika mwaka 1922, na huko akawa mmoja wa wale waliofundisha namna ya kuhesabu mapato ya nchi nzima. Mwezi wa Desemba 1954, akiwa mkubwa wa chama cha wataalamu wa uchumi wa Amerika, alitoa hotuba katika mji wa Detroit. Hotuba hiyo ilipigwa chapa mwaka 1955, na ndiyo chanzo cha mlima huu. Mwaka 1971 alipewa zawadi ya Nobel.

Alikuwa na hesabu gani mikononi? Chache sana. Alikuwa na miaka kadhaa ya Amerika, ya Uingereza, na ya sehemu za Ujeremani. Aliona kwamba katika nchi hizo sehemu ya mapato iliyoshikwa na matajiri ilipungua, zaidi tangu miaka ya 1920. Kwamba hapo zamani kutolingana kulipanda kwanza, hakuwa na hesabu ya kutosha ya kulionyesha, alilikisia tu. Wala hakuficha. Alisema waziwazi kwamba katika maandiko yale labda sehemu 5 katika 100 ni mambo yaliyoshuhudiwa, na sehemu 95 ni kukisia, tena kukisia kunakoweza kuharibiwa na matumaini ya mwenye kukisia.

Kuna neno la pili ambalo wengi wanaomtaja hawalisemi. Alipotafuta sababu za kushuka, Kuznets hakusema kwamba mali inashuka kwa maskini kama maji ya mvua. Alitaja sheria na kodi zinazopunguza urithi wa matajiri, na alitaja nguvu ya watu wadogo wa mijini, ambao wakiisha kuzoea mji wanajua kudai haki zao. Kwa hiyo yule anayesema, «Kuznets alifundisha kwamba tusifanye kitu», amemwekea mzee yule maneno asiyoyasema.

II. Mlima unatoka wapi? Tufanye hesabu

Ili tusibishane juu ya neno tusilolifahamu, tufanye mfano mdogo. Mfano huu ni wa kufundishia tu. Watu wake si watu halisi.

Tuseme kijiji cha milimani kina watu 100. Wote ni wakulima, na kila mmoja anapata franka 1 kwa siku. Huko bondeni kumefunguliwa kazi mpya, na kila anayefanya kazi hiyo anapata franka 4. Watu wanaanza kuhama, mmoja mmoja. Hakuna anayepunguziwa mapato yake. Anayebaki anapata franka 1 yake kama zamani.

Tunahitaji kipimo cha kutolingana. Kipimo kinachotumiwa zaidi ni kile cha Corrado Gini, mtaalamu wa Italia aliyekitoa mwaka 1912. Kikiwa 0, watu wote wanapata sawasawa. Kikiwa 100, mmoja amechukua vyote. Katika mfano wetu kuna makundi mawili tu, na ndani ya kila kundi watu wanalingana. Basi kukihesabu ni rahisi. Chukua sehemu ya mapato yote iliyoshikwa na kundi la wenye nafuu, utoe sehemu yao katika hesabu ya watu.

Wakihama watu 10, mapato ya wote ni franka 90 za wakulima na franka 40 za waliohama, jumla 130. Waliohama ni sehemu 10 katika 100 ya watu, lakini wanashika sehemu 31 katika 100 ya mapato. Toa 10 katika 31: kipimo ni 21. Wakihama 20, wanashika nusu ya mapato. Kipimo ni 30. Wakihama 33, yaani karibu theluthi moja, wanashika sehemu 66. Kipimo kimefika 33, na hapo ndipo kilele. Wakihama 50, wanashika sehemu 80. Kipimo kimerudi 30. Wakihama 80, kipimo ni 14. Wakihama wote, wote wanapata franka 4, na kipimo ni 0.

Tazama vizuri jambo lililotokea. Mlima umejichora wenyewe, bila mwizi, bila mnyonge aliyenyang'anywa. Umepanda kwa sababu wachache walitangulia, umeshuka kwa sababu wengine waliwafuata. Ndiyo maana fikira ya Kuznets ina nguvu: si upuzi, ni hesabu safi. Anayetaka kuipinga asianze kwa kucheka.

III. Mfano umefunga milango gani?

Lakini hesabu safi inategemea mambo tuliyoyakubali mwanzoni bila kuyachungua. Tuyafungue sasa.

La kwanza: tumekubali kwamba kila mtu anaweza kuhama. Katika mfano, mtu wa hamsini anapata nafasi kama mtu wa kwanza. Kumbe katika nchi halisi, kazi mpya mara nyingi haiajiri watu wengi. Mgodi mkubwa wa shaba wa Katanga unatoa mali nyingi sana kwa mikono michache, kwani mashine ndizo zinazochimba. Ikiwa mlango unafungwa baada ya watu 20 kuingia, nchi itakaa pale pale juu ya mlima, kipimo 30 au zaidi, hata kama mgodi unazidi kutajirika. Haitashuka kamwe, kwani hakuna wanaofuata.

La pili: tumekubali kwamba ndani ya kazi mpya watu wote wanapata sawasawa. Wale wanaojua machimbo ya zahabu ya Misisi watatabasamu. Katika shimo moja kuna mwenye shimo, kuna aliyetoa fedha za chakula na vyombo, kuna mnunuzi, na kuna mchimbaji anayebeba mfuko. Hawapati sawasawa. Turudi katika mfano wetu, tuseme watu wote 100 wamekwisha hama, lakini 5 kati yao wanashika nusu ya mapato, na 95 wanagawana nusu ya pili. Toa 5 katika 50: kipimo ni 45. Wote wamehama, safari imekwisha, na kutolingana kuko juu kuliko kilele cha mlima wa kwanza.

Kwa hiyo tuseme hivi: kushuka hakutoki katika kuongezeka kwa mali. Kunatoka katika mambo mawili ya pembeni, yaani njia iliyo wazi kwa watu wote, na mgawanyo wa haki ndani ya kazi mpya. Mambo hayo yakiwapo, mlima unaweza kushuka. Yakikosekana, mali inaweza kuongezeka miaka mia na mlima usishuke.

IV. Nchi nyingi katika picha moja

Baada ya Kuznets, wataalamu walitaka kujua kama mlima unaonekana duniani. Shida ilikuwa hii: nchi maskini hazikuwa na hesabu za miaka mingi. Basi walifanya njia ya mkato. Walichukua nchi nyingi za wakati mmoja, maskini, za katikati, na tajiri, wakazipanga katika mstari mmoja. Mwaka 1976 Montek Ahluwalia alizipanga nchi 60 namna hiyo, na kweli akaona mlima: nchi maskini sana zilikuwa chini kidogo, nchi za katikati zilikuwa juu, nchi tajiri zilikuwa chini. Kwa miaka mingi vitabu vya shule vilifundisha hivyo kama jambo lililokwisha thibitishwa.

Kosa la njia hiyo linafahamika kwa mfano wa nyumbani. Mtu amepanga katika uwanja mmoja mtoto wa mbuzi, ndama, na fahali. Akasema: tazameni, hivi ndivyo mnyama anavyokua. Lakini mtoto wa mbuzi hakui akawa ndama. Ni wanyama wawili. Picha ya siku moja haiwezi kusimulia safari ya mnyama mmoja.

Katika mstari wa nchi, nani alikuwa katikati, pale juu ya kilele? Zaidi zilikuwa nchi za Amerika ya Kusini. Mwaka 1989 kipimo cha Brazili kilipita 60. Lakini nchi hizo hazikufika huko kwa sababu zilikuwa katikati ya safari. Tangu zamani za ukoloni wa Spania na Ureno, mashamba makubwa yalishikwa na jamaa chache, na wengine walikuwa watumwa au vibarua juu ya mashamba hayo. Kutolingana kwao kulikuwako kabla ya viwanda. Wataalamu walipozitia alama nchi hizo peke yake, wakahesabu upya, mlima ulipungua sana au ukatoweka.

Tena kuna jambo la vipimo vyenyewe. Amerika ya Kusini anketi huwauliza watu mapato yao, yaani wanaingiza kiasi gani. Afrika na India anketi nyingi huuliza matumizi, yaani jamaa inakula na kununua kiasi gani. Tajiri hali mapato yake yote, anaweka akiba; maskini anakopa ili ale. Kwa hiyo kutolingana kwa matumizi huonekana kudogo kuliko kutolingana kwa mapato, na tofauti hiyo imekadiriwa kuwa karibu 6 au 7 katika kipimo cha Gini. Mwanafunzi anayeweka Brazili na Tanzania katika mstari mmoja bila kulitazama jambo hilo amekwisha kuijengea Brazili kilima kwa mikono yake mwenyewe.

V. Nchi sita za kwetu

Tulifanye jambo hili kwa nchi zetu wenyewe, ili tuone jinsi mtego unavyotegwa. Tuzipange nchi sita kwa mapato ya mtu mmoja kama yalivyokuwa karibu na mwaka 2015, tangu maskini zaidi mpaka ile yenye nafuu: Burundi, Kongo, Ruanda, Uganda, Tanzania, Kenya. Sasa tuweke vipimo vya Gini kama vilivyoandikwa na Banki ya Dunia kutoka katika anketi za miaka ile. Burundi, mwaka 2013, ni 39. Kongo, mwaka 2012, ni 42. Ruanda, mwaka 2016, ni 44. Uganda, mwaka 2016, ni 43. Tanzania, mwaka 2018, ni 40 na nusu. Kenya, mwaka 2015, ni 41.

Mwanafunzi atafurahi. Tazama: 39, 42, 44, 43, 40 na nusu, 41. Mlima wa Kuznets umesimama hapa kwetu, kilele chake kiko Ruanda! Anaweza kuiandika insha yake leo hii na kulala usingizi. Lakini kabla ya kulala apime mara tatu.

Kipimo cha kwanza: urefu wa mlima. Tangu chini mpaka kilele ni hatua 5 tu. Anketi haiulizi nchi nzima. Inauliza jamaa elfu kadhaa zilizochaguliwa, na kutoka kwao inakadiria wengine wote. Kadiri hiyo inaweza kukosea hatua moja au mbili juu au chini. Huku Kongo shida ni kubwa zaidi, kwani watu wa nchi nzima walihesabiwa mara ya mwisho mwaka 1984; mwenye kuchagua jamaa za kuulizwa anachagua bila orodha mpya ya watu. Kwa hiyo kusema kwamba Kenya imeipita Tanzania kwa nusu hatua ni kusema si kitu. Mlima wetu umejengwa kwa mchanga.

Kipimo cha pili: ongeza nchi moja. Tuiweke Afrika ya Kusini mwisho wa mstari, kwani mapato yake ya mtu mmoja yanaipita Kenya mara kadhaa. Kipimo chake mwaka 2014 kilikuwa 63. Palepale mlima umevunjika, na mstari unapanda kuelekea utajiri. Je, tuandike sasa kwamba utajiri unaleta kutolingana? Hapana, hilo nalo lingekuwa kosa lile lile. Kutolingana kwa Afrika ya Kusini kuna historia yake. Sheria ya ardhi ya mwaka 1913 iliwaachia Waafrika, waliokuwa wengi kabisa, karibu sehemu 7 katika 100 ya ardhi ya nchi. Hapo ni sheria iliyosema, siyo mwendo wa mali. Hitimisho linalogeuka kwa kuongeza nchi moja tu halistahili kuitwa kanuni.

Kipimo cha tatu ndicho kikubwa: acha picha, ufuate safari ya kila nchi.

VI. Nchi moja, miaka mingi

Tuanze na Ruanda, iliyokuwa kilele chetu. Mwaka 1984 kipimo chake kilikuwa 29, kidogo sana. Mwaka 2000 kilikuwa 48 na nusu. Kumbe kilipanda sana. Lakini je, kilipanda kwa sababu nchi iliendelea? Hasha. Katika miaka ile bei ya kahawa ilianguka, vita vikaanza mwaka 1990, na mwaka 1994 yakatokea mauaji ya kimbari. Mapato ya mtu mmoja mwaka 2000 yalikuwa chini ya yale ya 1984. Mlima ulipanda wakati nchi ilipokuwa inaanguka. Kisha kilifika 52 mwaka 2005, kikashuka 47 mwaka 2010, na 44 mwaka 2016, na hiyo ilikuwa miaka ya maendeleo ya haraka katika nchi ambayo bado ni ya wakulima wengi. Kuznets angengojea kutolingana kupande wakati huo, kulishuka.

Twende Tanzania. Mwaka 2000 kipimo chake kilikuwa 37, mwaka 2007 kilikuwa 40, mwaka 2011 kilikuwa 38, mwaka 2018 kilikuwa 40 na nusu. Katika miaka hiyo mali ya nchi ilikua karibu kila mwaka bila kukatika. Mstari wa kutolingana umekwenda kama ng'ombe anayelisha, hatua moja mbele, hatua moja nyuma. Hapana mlima.

Na Kongo yetu? Anketi ya 2004 na ile ya 2012 zilitoa kipimo kile kile, 42. Kati ya miaka hiyo shaba na kobalti ya Katanga vilikuza sana hesabu ya mali ya nchi. Tena sehemu ya watu walio chini ya mstari wa umaskini ilipungua, kutoka karibu 69 katika 100 mpaka 64. Hapo tujifunze kutofautisha: umaskini ni jambo moja, kutolingana ni jambo la pili. Moja linaweza kupungua na la pili likakaa.

Yaliyoonekana hapa kwetu yameonekana duniani. Katika miaka ya 1990, Klaus Deininger na Lyn Squire wa Banki ya Dunia walikusanya anketi za nchi nyingi, wakakataa zile zisizo imara, kisha wakaifuata kila nchi katika miaka yake. Katika nchi karibu 9 kwa kila 10 hawakuona mlima wa Kuznets. Nyingi zilikaa karibu pale pale zilipokuwa. Chache zilipanda, chache zilishuka.

Mtu atasema: Miaka ishirini au thelathini ni michache. Kuznets alinena habari ya miaka mia; mlima mkubwa hauonekani kwa hatua mbili. Tunajibu: Neno hilo ni la haki, na kwa sababu yake hatuwezi kusema kwamba mlima umekanushwa kwa nchi zetu. Lakini zitazameni nchi zenye miaka mia. Amerika, nchi ile aliyoitegemea Kuznets mwenyewe, ilihesabiwa upya na Thomas Piketty na Emmanuel Saez mwaka 2003, kwa hati za kodi tangu 1913. Sehemu moja katika kumi ya watu, iliyo tajiri zaidi, ilishika karibu sehemu 45 katika 100 ya mapato mwishoni mwa miaka ya 1920. Baada ya vita ya pili ilishika chini ya 35. Huko ndiko kushuka alikokuona Kuznets. Lakini tangu karibu mwaka 1980 ilianza kupanda tena, na mwaka 2007 ilikaribia nusu ya mapato yote. Mlima uliokwisha kushuka ukapanda mara ya pili. Tena wakachungua sababu za kushuka kwa kwanza, wakaona kuanguka kwa biashara kwa mwaka 1929, vita, na kodi ya matajiri, ambayo mwaka 1944 ilifika sehemu 94 katika 100 ya mapato ya juu kabisa. Haikuwa safari ya wakulima kwenda mjini peke yake.

Upande mwingine kuna Korea ya Kusini na Taiwani. Hizo, katika miaka karibu na 1950, ziliwapa wakulima wadogo ardhi ya wenye mashamba makubwa; Korea ilikataza jamaa moja kushika zaidi ya hektari 3. Baada ya hapo ndipo zilipotajirika, na zilitajirika bila kupanda ule mlima mkali. Kwa hiyo hata neno la kwanza, kwamba kupanda ni lazima, halikusimama.

VII. Basi, tuandike nini?

Anayeandika insha asiandike, «Kuznets alithibitisha.» Asiandike pia, «Kuznets alidanganya.» Aandike hivi: Kuznets alionyesha njia moja ambayo kutolingana kunaweza kupanda na kushuka, na hesabu yake ni sawa pale ambapo watu wote wanaweza kuingia katika kazi mpya na kugawana mapato yake kwa kiasi. Picha ya nchi nyingi za wakati mmoja ilionekana kuithibitisha, lakini ilichanganya historia mbalimbali na vipimo mbalimbali. Nchi zikifuatwa moja moja, nyingi hazionyeshi mlima. Kwa hiyo si kanuni, ni jambo linaloweza kutokea.

Kisha atoe tahadhari moja ya mwisho, inayowahusu sana watu wa milimani. Kushuka kwa kipimo si heri kila mara. Tangu mwaka 2017 vita vya Minembwe na kandokando yake vimechoma vijiji na kuchukua ng'ombe wengi. Tuseme jamaa moja ilikuwa na ng'ombe 50, na jirani yake 2. Leo kila jamaa imebaki na ng'ombe 1 tu. Kipimo cha Gini kati ya jamaa hizo mbili kimeshuka mpaka chini kabisa. Wamelingana. Lakini nani atayaita hayo maendeleo? Ndiyo sababu kipimo kisisomwe peke yake. Kisomwe pamoja na mapato yenyewe, na pamoja na sababu iliyokipandisha au kukishusha.

Na yule mtu aliyeshuka Baraka akauliza kama hali itanyoka, asiambiwe angoje. Ajibiwe kwa maswali ambayo hesabu za nchi zimetufundisha kuuliza. Katika kijiji chake, ni wangapi wameweza kuifikia kazi mpya katika miaka mitano, na ni nini kilichowazuia wengine: njia, shule, usalama, au kukosa mtu wa kuwapokea? Katika shimo la zahabu, kati ya mchimbaji na mwenye shimo, nani anashika kiasi gani? Ardhi inashikwa na nani, kwa hati ya nani? Kodi inayolipwa sokoni inarudi barabarani au hairudi? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonyesha kama mlima wa hapo utashuka, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoushusha.